Nani asubiri? Kusoma alama na kipaumbele kwenye makutano kabla ya mtihani wa leseni

Vijitabu vingi wanavyosomea wanafunzi wa udereva Tanzania vinaanza na kurasa za pembetatu, vinafuatia na kurasa za duara, na mwishoni kabisa vinaweka michoro michache ya makutano yenye magari yaliyopewa herufi A, B, C na D. Mwanafunzi anakariri kurasa za mwanzo kwa bidii, picha moja baada ya nyingine, halafu akifika kwenye ile michoro ya mwisho anaanza kubahatisha. Anaona magari manne yamekutana, anaona alama mbili tatu, na hajui aanzie wapi. Mpangilio huo naona umekaa kinyume. Michoro ya mwisho ndiyo inayoeleza kazi ya alama za kurasa za mwanzo, na mtu akishajua namna ya kuisoma, alama nyingi zinakaa kichwani bila kukaririwa.

Tuanze na swali lenyewe. Mtahiniwa akionyeshwa mchoro huwa anajiuliza, "Nani mwenye haki ya kupita?" Lijibu kwa kuligeuza: nani anatakiwa asubiri? Kanuni za makutano karibu zote zimeandikwa kwa upande wa anayesubiri. Zinamtaja dereva anayeingia barabara kuu, dereva anayekata kulia, dereva anayeingia kipilefti, na kila mmoja zinamwambia ampishe fulani. Ukitafuta wa kusubiri, utamkuta ametajwa wazi. Ukishawatoa wote wanaotakiwa kusubiri, aliyebaki ndiye anayetangulia.

Sasa, amri za barabarani zinatoka sehemu nne, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni askari wa usalama barabarani, trafiki, akiwa amesimama anaongoza magari. Ya pili ni mataa. Ya tatu ni alama za nguzoni pamoja na michoro ya lami. Ya nne, pasipo na chochote kati ya hivyo, ni kanuni za jumla za Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kila ngazi inaifunika ile iliyo chini yake. Mataa yakiwa mekundu na trafiki anakuita upite, unapita. Mataa yakiwa ya kijani na trafiki amekuzuia kwa mkono, unasimama, hata kama nyuma yako watu wanapiga honi. Mataa yakiwaka kijani mbele yako huku pembeni kuna alama ya kutoa njia, unafuata mataa, na ile alama inangoja siku umeme utakapokatika.

Hapo kwenye umeme kukatika ndipo wengi wanapojikwaa, barabarani na kwenye mtihani. Mataa yaliyozimika hayajaondoa sheria. Umeshuka tu ngazi moja. Angalia alama za nguzoni na mistari ya lami, zitakuambia upande gani ni barabara kuu. Kama hakuna hata hizo, shuka tena hadi kanuni za jumla. Mataa yanayowaka na kuzima kwa rangi ya njano yanasomwa hivyo hivyo: pita kwa tahadhari, ukifuata alama zilizopo. Lakini njano inayotulia baada ya kijani ni jambo jingine. Hiyo ni amri ya kusimama, isipokuwa kama umeshaukaribia mstari kiasi kwamba ukifunga breki ghafla utaleta hatari. Wanaoichukulia kama ruhusa ya kuongeza mwendo wanakutana katikati ya makutano na mtu aliyekuwa anaisubiri kijani yake kwa hamu.

Ngazi ya tatu, ya alama, ina lugha yake, na lugha hiyo imo kwenye umbo na rangi kabla ya kufika kwenye picha. Pembetatu yenye ncha juu na ukingo mwekundu inatoa onyo: mbele kuna kona, kuna watoto, kuna mteremko. Haikuamrishi jambo mahsusi, inakutaka ujiandae. Duara ni amri. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo, kama lile lenye namba 50. Duara la bluu linakulazimisha kufanya jambo, kwa mfano kupita upande ulioonyeshwa na mshale. Mstatili kwa kawaida unatoa taarifa au unaelekeza njia. Mtu akikuonyesha alama usiyowahi kuiona maishani, bado unaweza kusema kama ni onyo, katazo, lazima au taarifa, na hiyo ni zaidi ya nusu ya jibu.

Namba 50 kwenye duara inastahili neno la ziada kwa sababu inaulizwa sana. Kikomo hicho cha kilomita 50 kwa saa ndicho cha maeneo ya makazi, na kinaanza pale alama iliposimama. Hakiishii kwenye nyumba ya mwisho unayoiona. Kinaendelea mpaka ukutane na alama inayokifuta, yaani duara lenye namba ile ile iliyokatwa kwa mistari ya mshazari, au alama nyingine yenye kikomo kipya. Vijiji vya kando ya barabara kuu za mikoani vimejaa madereva waliosimamishwa na trafiki mita chache kabla ya alama ya kufuta, kila mmoja akiapa kwamba kijiji kilikuwa kimeshaisha.

Zipo alama mbili ambazo zimepewa umbo lao peke yao, nazo ndizo zinazotawala makutano. Moja ni ya pembe nane, nyekundu, ya kusimama. Nyingine ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, ya kutoa njia. Hakuna alama nyingine ya pembe nane, na kati ya pembetatu hakuna nyingine inayoelekeza ncha chini. Zilitengenezwa hivyo makusudi. Alama hata ikijaa vumbi, ikichubuka rangi, au ukiiona kwa nyuma kutoka barabara ya pili, bado unaitambua kwa umbo. Jambo hilo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Ukiwa kwenye barabara kuu unaweza kuuona mgongo wa alama ya pembe nane upande wa barabara ndogo, ukajua kwamba yule anayekuja kutoka kule ndiye aliyeamriwa kusimama.

Tofauti kati ya hizo mbili iko kwenye magurudumu. Pembe nane inataka gari lisimame kabisa kwenye mstari, magurudumu yatulie, hata kama barabara ni tupu kulia na kushoto. Kama hakuna mstari, simama pale unapoweza kuona barabara kuu bila kuiingilia. Pembetatu iliyopinduliwa inataka upunguze mwendo na uwapishe waliopo barabara kuu. Kusimama ni lazima kama yupo wa kumpisha, na kama hayupo unaweza kuendelea taratibu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kufika kwenye pembe nane, kupunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea, kuchungulia, kisha kuondoka. Ameangalia vizuri, hakumgonga mtu, lakini hakusimama. Kwa mtahini hilo ni kosa kamili.

Kuna alama ya tatu inayochanganya watu kwa sababu inahusu makutano lakini ni onyo: pembetatu ya kawaida yenye mchoro wa njia panda ndani. Itazame unene wa mistari. Kama mstari wa kwenda mbele ni mnene na wa kukatiza ni mwembamba, uko kwenye barabara yenye kipaumbele na wale wa pembeni ndio watakaosubiri. Kama mistari yote ina unene mmoja, unaonywa kwamba kuna makutano mbele, na alama hiyo haijampa yeyote kipaumbele.

Makutano ya aina hiyo ndiyo yanayotushusha hadi ngazi ya nne. Hakuna trafiki, hakuna mataa, hakuna alama inayompa mtu kipaumbele. Hapa unahitaji kanuni mbili tu. Ya kwanza: mpishe anayetoka kulia kwako. Ya pili: ukitaka kukata kulia, mpishe anayekuja mbele yako akienda moja kwa moja au akikata kushoto. Sababu ya hiyo ya pili iko kwenye uendeshaji wetu wa upande wa kushoto. Anayekata kushoto habadilishi upande, anabaki kwenye ukingo wake. Anayekata kulia analazimika kuvuka njia ya anayekuja. Yeye ndiye anayeingia kwenye nafasi ya mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye anayesubiri. Kanuni hii ya kukata kulia haiishii kwenye makutano yasiyo na alama. Inafanya kazi hata chini ya mataa ya kijani, isipokuwa pale mataa yanapokupa mshale wa kijani wa kulia peke yako.

Kipilefti nacho kinafuata mantiki hiyo hiyo ya kulia. Magari yanazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Wewe unayeingia unawakuta waliomo ndani wakitokea kulia kwako, na unawapisha. Ukishaingia, wanaotaka kuingia wanatokea kushoto kwako, nao ndio wanaokusubiri. Kwa hiyo swali la mtihani linalosema, "Uko ndani ya kipilefti, lori linafika mlangoni kushoto kwako, nani atangulie?" lina jibu moja, nalo halibadiliki kwa ukubwa wa lori. Ukienda kwenye kipilefti kama kile cha Mnara wa Saa pale Arusha saa za msongamano, utaona pia kwa nini ngazi ya kwanza ni muhimu: trafiki akiingia katikati na kuanza kuruhusu upande mmoja baada ya mwingine, kanuni ya kulia inalala mpaka atakapoondoka.

Suala la indiketa kwenye kipilefti linaulizwa na linakosewa, ingawa ni fupi. Ukitaka kutoka njia ya kwanza kushoto, washa indiketa ya kushoto kabla hujaingia na ubaki nayo. Ukienda moja kwa moja, ingia bila indiketa, kisha washa ya kushoto ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. Ukikata kulia au kurudi ulikotoka, ingia na indiketa ya kulia ukiwa upande wa ndani, na ubadilishe kwenda kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya yako. Kila anayetoka kwenye kipilefti anatoka akiwasha kushoto. Aliyesubiri mlangoni anaihitaji ishara hiyo, maana ndiyo inayomwambia nafasi inakuja.

Sasa tuchukue mchoro mmoja na tuufanye mpaka mwisho. Chora njia panda kwenye karatasi, juu iwe kaskazini. Barabara ya mashariki na magharibi ni kuu. Ile ya kusini na kaskazini ni ndogo. Upande wa kusini kuna pembetatu iliyopinduliwa, upande wa kaskazini kuna pembe nane. Hakuna mataa wala trafiki. Magari manne yamefika kwa pamoja. Lori linatoka magharibi na limewasha indiketa ya kulia, linataka kwenda kusini. Daladala inatoka mashariki, inakwenda moja kwa moja magharibi. Wewe uko na gari dogo upande wa kusini, unataka kwenda moja kwa moja kaskazini. Bodaboda iko kaskazini, inataka kukata kushoto kuelekea mashariki.

Anza na ngazi. Ya kwanza na ya pili hazipo. Ya tatu ipo: alama. Zinawaambia wewe na bodaboda msubiri, kwa hiyo lori na daladala vinabaki peke yake kwenye barabara kuu. Kati ya hivyo viwili, alama hazisemi kitu, unashuka kwenye kanuni. Lori linakata kulia, daladala inakuja mbele yake ikinyoosha. Lori linasubiri, daladala inatangulia, lori linafuata.

Halafu mnabaki wewe na bodaboda. Wengi hapa wanasema wewe unatangulia kwa sababu una alama ya kutoa njia, na mwenzako ana ya kusimama. Hapana. Alama zote mbili zinawaweka chini ya barabara kuu, lakini hazipangwi moja juu ya nyingine. Bodaboda ikishasimama kabisa, imetimiza alichoagizwa dereva wake, na baada ya hapo nyote mko sawa. Angalia sasa njia zenu. Wewe unakwenda kaskazini ukiwa upande wako wa kushoto, ambao kwenye karatasi ni magharibi ya barabara. Bodaboda inashuka ikiwa upande wa mashariki na inapinda kuelekea mashariki. Hamgusani popote. Mnaweza kuondoka pamoja.

Badilisha jambo moja tu: wewe hutaki tena kunyoosha, unataka kukata kulia kwenda mashariki. Sasa nyote mnaingia barabara moja, na wewe ndiye unayevuka njia ya mwenzako. Unasubiri bodaboda ipite. Pembetatu yako haikusaidii kitu.

Badilisha tena, na hapa ndipo mchoro unapokuwa mtamu. Ondoa alama zote, fanya barabara zote ziwe sawa, na urudi kwenye nia yako ya kwanza ya kunyoosha. Kila mmoja amtazame wa kulia kwake. Kulia kwa lori uko wewe. Kulia kwako iko daladala. Kulia kwa daladala iko bodaboda. Kulia kwa bodaboda liko lori. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na kwa haraka haraka inaonekana hakuna atakayeondoka. Usiandike hivyo kwenye karatasi ya mtihani kabla hujafuatilia njia. Bodaboda inakata kushoto. Inachotakiwa kukichunga ni kinachokuja kutoka magharibi na kuendelea mashariki, na lori haliendi mashariki, linakata kwenda kusini. Bodaboda haimkatizi yeyote, kwa hiyo inaondoka kwanza. Ikishaondoka, kulia kwa daladala ni kweupe, daladala inapita. Daladala ikipita, kulia kwako ni kweupe, unapita. Ukishapita wewe, lori linamalizia. Kama bodaboda nayo ingekuwa inanyoosha, fundo lingebaki limefungwa, na kanuni yenyewe isingelifungua. Mmoja angelazimika kumpisha mwenzake kwa hiari yake, kwa ishara iliyo wazi, na wengine wakafuata.

Utaona kwamba kila hatua imetumia maswali yale yale: ngazi ipi inatawala hapa, nani ameagizwa kusubiri, na je, njia zao zinakatana kweli. Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Kipaumbele kina maana pale tu magari mawili yanapohitaji eneo moja la lami kwa wakati mmoja, na namna ya kulijua hilo ni kuchora mshale wa kila gari kuanzia linapotoka mpaka linapoingia, ukikumbuka kushoto kwa kila mmoja ni kushoto kwa dereva wake, wala si kushoto kwa karatasi. Geuza karatasi kama unahitaji. Hakuna aibu, na kwenye kujisomea ni bora kuliko kukisia.

Kuna magari yanayoruka mpangilio huu wote. Gari la zimamoto, la wagonjwa au la polisi likiwasha king'ora na taa zake linapewa njia popote lilipo kwenye mchoro. Treni nayo haina mjadala, iwe ya reli kuu au ya TAZARA, kwa sababu haiwezi kusimama ndani ya umbali mfupi ambao gari lako linaweza kusimama.

Kisha yupo asiyekuwa na herufi kwenye mchoro. Watahini wanapenda kumweka, na mtahiniwa aliyejaza akili yake magari huwa hamuoni. Rudi kwenye njia panda yetu, na tuseme barabara ya mashariki ina zebra karibu na kona, na mama mwenye ndoo kichwani ameshakanyaga mstari wa kwanza. Bodaboda ilikuwa na njia safi ya kukata kushoto. Sasa haina. Gari linalopinda linampisha mwenda kwa miguu anayevuka barabara ambayo gari hilo linaingia, na juu ya zebra kipaumbele ni chake yeye. Gari lililosimama mbele ya zebra kumpisha halipitwi, kwa sababu aliye nyuma haoni kilicho mbele ya gari hilo. Kwa hiyo jibu la mchoro ule wa mwisho, ule usio na alama, linabadilika kuanzia mstari wa kwanza: mama anavuka, bodaboda inafuata, daladala, wewe, lori.